Mshiriki Namba 1187

Barua pepe ilikuwa na mistari mitatu tu. "Mimi ndiye Mshiriki 1187. Sikuwahi kukubali kushiriki chochote. Leo kazini wamenisomea kilio changu kwa sauti."

Msaidizi wa utafiti aliisoma akiwa wima, mkoba ungali begani. Programu iliyokusanya machapisho elfu arobaini kutoka jukwaa la mtandaoni la wanawake waliopoteza mimba aliiandika yeye. Jukwaa lilikuwa wazi kwa yeyote. Majina aliyafuta, akaweka namba, ila maneno yakabaki kama yalivyo. Makala ya utafiti ilinukuu machapisho kumi na mawili. Gazeti likadaka moja, la Mshiriki 1187.

Alinakili sentensi ya 1187, akaibandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Kufumba na kufumbua ikatokea akaunti, picha ya mwanamke mwenye miwani, na mahali anapofanya kazi. Akaenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa mradi.

Mkuu wa mradi, ambaye wanafunzi walimwita Bwana Kisima kwa jinsi alivyojisifia kuwa kisima cha elimu, alikuwa akimenya yai la kuchemsha juu ya rasimu ya makala mpya.

"Dada, ameandika hadharani," alisema, yai likimjaa shavuni. "Anayeanika nguo barabarani asilalamike zikitazamwa."

"Aliwaandikia waliofiwa wenzake, Daktari. Hakutuandikia sisi."

"Jina halipo."

"Jina nimelipata kwa sekunde tatu. Na ni habari za afya yake. Sheria ya taarifa binafsi haisemi kwamba kilicho wazi ni cha kuokota tu."

Mkuu alijifuta vidole kwenye rasimu. "Kamati ya maadili ilituruhusu bila kutukagua. Fomu uliijaza wewe."

Msaidizi alirudi mezani kwake, akaifungua fomu. Ndiyo, maneno yalikuwa yake: *Utafiti huu hauhusishi binadamu.* Alikumbuka alivyoyaandika haraka haraka, awahi chakula cha mchana. Kinyaa alichokuwa nacho kwa yule mzee na yai lake kikamgeukia mwenyewe.

Hakuomba ruhusa. Aliiandikia kamati kila kitu, pamoja na kosa lake. Wiki hiyo hiyo data ikaondolewa kwenye hazina ya chuo mtandaoni, alikoweza kuipakua yeyote, na nukuu za makala zikaandikwa upya kwa maneno mengine. Bwana Kisima akaacha kumsalimia. Hata kwenye ngazi aligeuza uso kuelekea ukutani.

Kisha msaidizi akamjibu yule mwanamke: akaomba samahani, akamweleza yote yaliyofanyika.

Jibu lilikuja mchana. "Na waliokwisha kuipakua data?"

Alitazama hesabu ya upakuaji kwenye hazina. Watu mia mbili na kumi na watatu, wasiojulikana majina.

"Siwezi kuirudisha kutoka kwao," aliandika. "Nisingependa kukudanganya."

Akaunti ya mwanamke ikafutwa, na jukwaani pakabaki majibu ya wenzake tu, wakimpa pole mtu asiyeonekana. Msaidizi aliyasoma yote, kisha akaenda msalani kunawa mikono, akanawa tena.