Neno Baada ya Shahada

Karani wa zahanati alijifundisha mwenyewe kuandika programu, na ile ya kupanga miadi ya wagonjwa iliyotumika pale aliitengeneza yeye. Miaka minne aliomba kazi kwenye kampuni kubwa, wakamkataa kwa kukosa shahada, mpaka akakata tamaa.

Dada yake alimkemea. "Mdogo wangu, unabisha hodi kwenye mlango usio wako. Tafuta wanaopima watu kwa jaribio, si kwa cheti. Weka kazi yako mtandaoni, uieleze, waione."

Basi akaiweka, bila majina ya wagonjwa, akaiandikia kampuni ndogo ya mifumo ya hospitali. Walimpa hitilafu ya kurekebisha, kisha wakakaa naye awaeleze alivyofikiri. Wakamwajiri.

"Mbona umechelewa hivyo kutuandikia?" mkuu wa mafundi alimuuliza. "Tangazo letu ni lile lile miaka yote: shahada, au kazi unayoweza kutuonyesha."

Karani alilikumbuka. Alikuwa amelisoma zaidi ya mara moja, kila mara akiishia kwenye shahada.

"Nilidhani halinihusu," alisema.

Alitabasamu, lakini moyo ulimuuma. Baba yake, aliyemnunulia kompyuta kuukuu, alifariki mwaka uliopita akimjua kama karani tu.