Mistari Miwili ya Chiriku

Pale maabara walimwita Bi Mkali, na mwenyewe wala hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kusoma himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, na kusema nani ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, nani anaibeba tu bila kuugua, na nani hana habari nayo kabisa. Kazi hiyo haitaki mtu wa mchezo mchezo, na yeye hata kucheka alicheka kwa msimu.

Asubuhi hiyo alikuwa anagombeza watu kwa kuacha friji wazi, wifi yake alipotokea dirishani. Mguu mmoja ulikuwa na kandambili, mwingine mtupu.

"Wifi, Chiriku amelazwa. Wanasema damu imebaki nne."

"Nne? Ameanza kuumwa lini?"

"Unaniuliza lini?" Wifi alimkazia macho. "Nimesema mpaka ulimi umeota sugu. Mama anasema mtoto anadeka."

Mama huyo alikuwa mama mzazi wa Bi Mkali, mama mkwe wa huyu aliyesimama dirishani. Na Chiriku alikuwa mtoto wa wifi huyu na kaka yake, binti wa miaka mitano aliyepewa jina hilo kwa sababu ya mdomo. Alikuwa akianza kusimulia, mpaka mgeni asahau chai yake. Lakini kwa muda sasa alikuwa amepoa, na Bi Mkali, nusura ajipige kofi alipokumbuka, alikuwa amesema mtoto anakua.

Mwaka uliopita Chiriku alipimwa hapa hapa maabara. Bi Mkali alikuwa safarini kwa mafunzo, na aliporudi akakuta majibu tayari: mbebaji. Akaenda nalo jibu hilo nyumbani akiwa na furaha, akakaa sebuleni, akawaambia wote kwa sauti yake ya kazini, "Mbebaji haumwi. Huyu mtoto ni mzima." Neno lenyewe kuhusu wabebaji lilikuwa la kweli. Bibi yake Chiriku akalidaka. Tangu siku hiyo, kila mtoto alipolia miguu, kila vidole vilipomvimba, alijibiwa hivyo hivyo: shangazi yako wa maabara amesema huumwi, simama utembee.

Walikimbia na wifi yake hadi wodi ya watoto. Njiani Bi Mkali alikuwa anasema peke yake. "Mbebaji haishiwi damu mpaka nne. Wachukue sampuli kwanza. Wasimwongeze damu kabla sijachukua sampuli."

Walikuta mfuko wa damu umeshatundikwa, na matone yanashuka kwenye mrija, moja moja, kuingia mkononi mwa Chiriku. Mtoto alikuwa amelala kimya, midomo myeupe, macho ya njano. Bibi yake alikaa kitini kando ya kitanda na mkoba mapajani. Kaka yake Bi Mkali alikuwa dirishani, amewapa watu mgongo.

"Nani ameruhusu damu hii?" Bi Mkali aliwaka.

"Mimi," alisema daktari wa wodi, mwanamke mwenye macho ya usingizi. "Ana damu nne na moyo unakwenda mbio. Ulitaka ningoje nini, dada?"

Daktari alikuwa na haki. Mtoto angeweza kufa. Lakini alijua pia damu ya mtu mwingine ikishaingia, kipimo kinakuwa cha watu wawili ndani ya chupa moja. Itabidi wangoje karibu miezi minne, mpaka chembe za mgeni zife zote, ndipo damu ya mtoto iseme yenyewe. Na kwa miezi hiyo yote karatasi ingeendelea kusema mbebaji, kliniki ya selimundu isingempokea, na bibi angeendelea kumwambia asimame.

Wazo hilo la damu ya watu wawili ndilo lililomfanya ageukie dirishani.

"Kaka. Mwaka jana, kabla hujamleta apimwe, Chiriku aliwahi kuongezewa damu?"

Kaka mtu alichelewa kugeuka. "Kule kwa wakwe, tulipokwenda kuwasalimia. Alizidiwa, wakamtia chupa moja. Kama wiki tatu kabla."

"Na hukusema?"

"Sikuulizwa."

"Hukuulizwa!" Wagonjwa wa vitanda vya pili waliinua vichwa. "Mtoto ana damu ya mtu mwingine mwilini, unampeleka kupimwa damu, halafu unangoja kuulizwa? Ukienda kwa fundi na gari uliloazima, humwambii si lako?"

"Usimpigie kelele mwanangu," mama yao alisema. "Kaka yako alikosa nini? Majibu mliyatoa nyinyi."

Hilo nalo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilimchoma zaidi. Daktari alikuwa amesikia kila kitu. Alikunja uso, akasema taratibu, "Benki ya damu huwa hawatupi ile chupa ya damu ya mgonjwa, ya kulinganishia na ya mfuko. Niliijaza kutoka mkononi mwake kabla sijatundika mfuko."

Bi Mkali alitaka kumkumbatia, ila hakuwa na nafasi. Alimvuta kaka yake mkono.

"Kunja shati. Na wewe nakuchukua damu."

"Ya nini?" mama yao aliinuka. "Ukoo wetu hauna ugonjwa huo! Aliyeuleta anajulikana. Yeye ndiye aliyeambiwa anaubeba, kliniki ya wajawazito, mbele ya watu."

Wifi alitazama sakafu, mguu wake mtupu juu ya mguu wenye kandambili. Alikuwa amezoea kutazama sakafu. Kaka mtu alikunja shati, na Bi Mkali alimchoma sindano bila kumwonea huruma hata chembe.

Kutoka benki ya damu alirudi na chupa ndogo ya kifuniko cha zambarau, imebaki damu ya kina cha kidole kimoja. Inatosha sana. Aliiweka kwenye mashine pamoja na ya kaka yake, akabonyeza, kisha akamwita mwenzake wa benchi, kijana mtanashati waliyempachika jina la Chapchap kwa kasi yake.

"Nitafutie ukanda wa Chiriku wa mwaka jana."

Mwaka jana mashine ilikuwa imekaa bila vitendanishi, kwa hiyo Chapchap alipima kwa umeme. Damu hupasuliwa chembe zake, tone linawekwa kwenye ukanda, umeme unapitishwa, na kila himoglobini inatembea kwa mwendo wake. A, ile ya kawaida, inatangulia mbele. S, ya selimundu, inabaki nyuma yake. Kisha ukanda unatiwa rangi na mistari inaonekana. Chapchap aliuleta umekaushwa vizuri, umebandikwa.

"Soma."

"Mistari miwili. A na S. Nikathibitisha na kile kipimo cha chembe kupinda kama mundu, kikatoka chanya. Mbebaji." Alisema kama mwanafunzi aliyefanya kazi yake yote ya nyumbani.

"Kipimo hicho ni chanya kwa mbebaji na kwa mgonjwa, kinakwambia S ipo, basi. Tazama mistari tena. Upi mnene?"

Chapchap aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko kawaida yake.

"S," alisema.

"Kwa mbebaji upi huwa mnene?"

"A. A huwa nyingi kuliko S." Sauti ilimpungua. "Siku zote."

"Siku zote! Sasa hiyo A nyembamba ilitoka wapi? Iliazimwa kwa mtu mwingine! Ulitakiwa kunyanyua simu tu, kuuliza, huyu mtoto ameongezewa damu? Swali moja, Chapchap. Ulikuwa unakimbilia wapi?"

Machozi yalimlengalenga kijana, na Bi Mkali aliona afadhali angemjibu jeuri, apate pa kumalizia hasira. Maana ukanda huo ulikuwa kwenye jalada mwaka mzima, hatua mbili kutoka kiti chake. Na yeye aliporudi safarini alisoma neno mbebaji, akafurahi, akafunga jalada. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine, angeufungua ukanda. Mtoto wa kwao alitaka awe mzima.

Mashine ililia. Humo ndani damu husukumwa kupita kwenye nguzo nyembamba, na kila himoglobini hutoka kwa wakati wake na kuchora kilele chake kwenye karatasi, kikubwa au kidogo kwa kadiri ya wingi wake. Karatasi ya Chiriku ilikuwa na kilele kimoja kirefu mahali pa S, asilimia themanini na nne. Kilele kifupi cha F, himoglobini ya utotoni. A2 kidogo, ya kawaida. Mahali pa A palikuwa patupu.

Karatasi ya kaka yake ilifuata. A hamsini na nane, S thelathini na saba. Mbebaji halisi, kama vitabu vinavyotaka.

Aliporudi wodini alimpa daktari karatasi zote mbili, kisha akawageukia wenzake wa nyumbani. Safari hii hakupiga kelele, na kaka yake aliyemjua tangu utotoni aliogopa zaidi.

"Chiriku ana selimundu. Si mbebaji. Mtoto haupati ugonjwa huu kwa mzazi mmoja. Nusu ametoa mama yake, nusu amempa huyu. Na huyu hakuipata sokoni, mama. Ametoa kwako au kwa marehemu baba. Ukitaka kujua ni kwa nani, nyoosha mkono."

Bibi hakunyoosha mkono. Aliushika mkoba wake kwa nguvu.

"Mwaka mzima anaumwa kweli," wifi alisema. Alisema kwa sauti ya chini sana, lakini alikuwa ameinua uso, na hakuna aliyeweza kuutazama. "Mwaka mzima nilikuwa namkanda kwa kujificha, jikoni, kama mwizi."

Daktari alikuwa ameshaanza kuandika dawa. Alieleza kliniki, kinga ya maambukizi, vidonge vya kila siku, maji mengi. Kisha akachukua sindano ya dawa ya maumivu, akainama juu ya kitanda.

"Haya, mama mdogo. Inauma wapi?"

Chiriku alikuwa macho. Vidole vyake vilivyovimba vilishika shuka mpaka imekunjamana, na kijasho kilimtoka juu ya mdomo. Hakumtazama daktari. Alimtafuta bibi yake kwa macho, akampata.

"Haiumi," alisema. "Sideki."

Bi Mkali alipiga magoti kando ya kitanda. "Chiriku, mwanangu, niangalie mimi. Shangazi alisema huumwi. Shangazi alikosea. Hakuna atakayekugombeza. Sema inauma wapi."

Bibi alifungua mdomo, ukabaki wazi. Mtoto alimtazama tena, akauangalia ule mdomo, akingoja.

"Haiumi, shangazi," alisema. "Naweza kusimama."

Akaanza kujiinua. Mama yake akamzuia kwa mikono miwili, na daktari, bila kungoja jibu jingine, akasukuma dawa kwenye mrija wa mkono wa pili.