Gunia la Mchele wa Mtowisa

Bweni zima lilikuwa limekwisha kuula mchele ule kabla haujapatikana. Ulikuwa gunia moja kutoka Mtowisa, bondeni kunakolimwa mpunga, umeegemezwa ukutani mbele ya ukumbi, na upande utakaoshinda mdahalo ungeupika Jumapili. Kwa vijana waliokula ugali na maharage tangu shule ifunguliwe, hilo halikuwa gunia. Lilikuwa ni wokovu wenye mshono.

Mwokozi aliyeteuliwa ni Nestory wa kidato cha sita, mchumi kwa masomo na mtundu kwa kipaji. Upepo wa Ufipa ulipenya chini ya mlango, wenzake wakajikunyata ndani ya masweta, lakini yeye alitokwa jasho. Hakuogopa kusema. Alichoogopa ni mtu aliyekaa kiti cha mbele chenye mto.

Mtu huyo alikuwa Bwana Oswaldi, mgeni rasmi, mwenye ghala la maharage mjini Sumbawanga. Tangu chama cha ushirika kife na soko kuachiwa huria, mwanamke aliyetaka mshahara wa kuchambua maharage hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Mdahalo uliendeshwa kwa Kiswahili kwa heshima yake, kwani alikwisha kusema kuwa Kiingereza humletea kiungulia.

"Vijana," alisema alipofungua, "nimeletewa tangazo la kima kipya cha chini cha mshahara. Nina akina mama ishirini pale ghalani. Nibaki nao wangapi? Leo wasomi mtanisaidia. Jumatatu naamua."

Watu wakapiga makofi. Nestory hakupiga. Miongoni mwa wale ishirini alikuwamo dada yake Fortunata, aliyeajiriwa juzijuzi, na ada ya Nestory ilitoka katika vidole vya Fortunata.

Pande zilikuwa zimekwisha kupangwa kwa kura, kama desturi. Mkono wa Nestory ulichomoa karatasi iliyosema: *Kima cha chini huleta ukosefu wa ajira.* Kila mwanafunzi alijua kwamba msemaji hutetea alichookota. Bwana Oswaldi hakujua. Kwake yeye, aliyesimama kusema alikuwa anasema ya moyoni.

"Mheshimiwa mwenyekiti!" Nestory alianza, na sauti ikampanda yenyewe, maana ulimi wake ulipenda ukumbi uliojaa. "Kazi nayo ina bei, na bei hiyo ni mshahara. Kitunguu kikipanda bei, mama Adela wa jikoni hupunguza vitunguu. Ndiyo maana mchuzi wetu unafanana na maji ya kunawa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Adela, mpishi, akatikisa mwiko dirishani.

"Vivyo hivyo kwa mwajiri. Pale wanaotaka kazi na wanaotaka wafanyakazi wanapolingana, kuna mshahara wa msawazo. Serikali ikiupandisha juu ya hapo, watu wengi zaidi watatoka majumbani kuomba kazi, na waajiri watataka wachache zaidi. Pengo kati ya makundi hayo mawili ndilo ukosefu wa ajira. Na nani hutoka kwanza? Ni yule ambaye bado anajifunza, ambaye kazi yake haijafikia thamani ya mshahara mpya. Ni yule aliyeingia juzi..."

Bwana Oswaldi alikuwa anatikisa kichwa kwa kuafiki, kama mtu aliyesomewa neno alilolisubiri siku nyingi.

"Endelea, mshikaji!" Enock wa bweni lake alinong'ona kwa nguvu. "Wali huo!"

Nestory akamalizia kwa maneno ambayo hakuyasikia mwenyewe, akakaa. Alikuwa amemfukuza dada yake kazi kwa ufasaha mkubwa.

Akasimama Bertila, msemaji wa upinzani, binti kutoka Msanzi aliyezoea kumpita Nestory kwa alama mbili tatu na kumkumbusha kila wiki.

"Mwenzangu kasema vizuri mpaka nikatamani kumwamini," alisema. "Mwenyekiti, naomba nimuulize swali."

"Kanuni ni ileile," alisema Mwalimu Clemens, mwenyekiti. "Anayeulizwa ajibu ndiyo au la kwanza, ndipo aeleze. Akiiasi hoja ya upande wake, upande umeshindwa."

"Nestory, hesabu yako ya kitunguu inataka wanunuzi wengi wanaoshindana. Je, inasimama pale ambapo mnunuzi wa kazi ni mmoja tu?"

Angeweza kujibu ndiyo. Alikuwa na uongo wa aina tatu tayari, wote wa kupendeza. Akalitazama gunia. Akamtazama Bwana Oswaldi, ambaye alikuwa bado anatabasamu.

"La," alisema Nestory. "Si lazima isimame."

Bweni likapiga ukelele kama wa msiba. Enock alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Eleza basi," alisema Bertila, naye akionekana kushangaa kuliko wote.

"Eleza wewe. Mimi nimekwisha kufa."

"Haya. Tuseme ghala lina wanawake kumi, kila mmoja analipwa elfu hamsini. Wa kumi na moja hakubali kuja ila kwa hamsini na tano. Ukimpa yeye, na wale kumi lazima uwaongeze tano tano. Basi huyu mmoja amekugharimu hamsini na tano zake, na hamsini za wenzake: mia na tano. Kazi yake inaleta tisini. Utamwajiri?"

"Simwajiri," alijibu Bwana Oswaldi kabla hajajizuia.

"Sasa sheria iseme kila mtu sitini. Wale kumi utawalipa sitini vyovyote vile, uajiri usiajiri. Wa kumi na moja anakugharimu sitini tu, analeta tisini. Utamwacha?"

Mgeni rasmi akakuna kidevu.

"Na sheria ikisema mia?" Nestory alidakia. Alikuwa amekwisha kushindwa, lakini hakuweza kunyamaza.

"Hapo huyo hatachukuliwa, na hapo wewe ndiye mkweli. Kupanda kuna mpaka wake."

"Kwa hiyo," Bwana Oswaldi alisema polepole, "huyo mnunuzi mmoja mnayemsema ni mimi?"

Mwalimu Clemens alikohoa, akatangaza mshindi, akaomba sala.

Jumapili wenzake Bertila walikula wali madirisha wazi, makusudi. Nestory alikula maharage peke yake, kwa kuwa Enock alikuwa amehama meza. Jumatatu hakuandika neno darasani. Jumanne, Jumatano, hivyohivyo. Kila gari lililopanda kutoka Malangali, mtaa wa ghala, lilimwinua kwenye benchi.

Alhamisi akaja Fortunata mwenyewe, siku ambayo si ya wageni. Nestory alikimbia mpaka getini.

"Shikamoo dada. Amekufukuza?"

"Marahaba. Nani kakuambia? Hajamfukuza mtu. Anatulipa kima kipya, tena ameongeza wawili. Wanawake wamejipanga mlangoni hapo, zamani alikuwa akiwatafuta."

Nestory akaegemea geti, akacheka kama mwendawazimu.

"Usicheke sana," alisema Fortunata. "Ametuondolea uji wa saa nne. Na nyapara anatusimamia kichwani, magunia yazidi. Nimekuja kukuambia ada ya muhula huu ipo. Ya ujao, sijui. Anasema atatutazama mpaka mavuno, ndipo aamue nani abaki."

Alipoondoka, Nestory alikwenda moja kwa moja maktaba. Bertila alikuwa anasoma.

"Hesabu yako ya ghala haina uji," alimwambia.

"Uji gani?"

"Mshahara umepanda, uji umeondoka. Haya, uingize."

Bertila akachukua kalamu, akasogeza kiti cha pili kwa mguu.

"Kaa," alisema. "Uji wenyewe ulikuwa na sukari?"