Mwenye Leseni

Jina la Bi Toleo hakujipa mwenyewe. Alipewa na mafundi wa kompyuta wa chuo, siku alipowarudisha maabara kufuta programu waliyoiweka vizuri kabisa, isipokuwa tarakimu moja ya mwisho. "Niliandika tisa nukta mbili nukta nne," aliwaambia. "Nyinyi mmeniwekea tano." Walinung'unika, wakasema mama huyu ameolewa na nukta, kisha wakafuta. Baadaye wakasikia kilio cha maabara ya jirani iliyowekewa hiyo tano: kazi za wanafunzi zilikuwa hazifunguki kwenye kompyuta ya mhadhiri wao, ambayo ilikuwa bado na toleo la zamani. Tangu hapo mafundi hawakugusa kitu bila barua yake.

Barua hiyo aliiandika kila muhula ulipokaribia kuanza, kwa kuwa yeye ndiye msimamizi wa maabara. Kompyuta zilikuwa arobaini, za kutumiwa na kila mtu. Mafundi huweka programu zote kwenye kompyuta moja ya mfano, wakaijaribu, wakainakili kwenye nyingine zote, kisha wakazifunga ili chochote atakachochezea mwanafunzi kifutike kompyuta ikizimwa na kuwashwa upya. Kwa hiyo kosa moja kwenye barua ni makosa arobaini darasani, na kulirekebisha ni kuanza upya.

Safari hii barua ilikuwa ndefu kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mlango wake wa kutokea. Chuo cha mji wa kwao kilikuwa kimempa kazi. Huko ndiko alikokuwa binti yake wa miaka saba, akilelewa na bibi yake tangu akiwa anajifunza kutembea, maana mshahara ulikuwa huku na bibi wa kumlea mtoto kule, na mtu hawezi kujikata vipande. Kilichobaki kilikuwa barua ya kuachiliwa. Bila hiyo chuo kile kisingempokea, na walikwishamwambia waziwazi kwamba asiporipoti mwisho wa mwezi, wangemwita aliyemfuata kwenye usaili.

Mkuu wa idara hakuwa mtu mbaya. Afadhali angekuwa mbaya, mtu angepata wa kumchukia. Alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sitakuzuia. Ila nionyeshe kwamba mafundi wanaweza kuandaa maabara kwa barua yako peke yake, wewe usiguse hata kitufe. Wakifaulu, nasaini siku hiyo hiyo."

Basi akaandika kama mtu anayewaachia watoto usia.

"Programu ya takwimu, toleo 9.2.4. Mtaona 9.3 ikijipendekeza yenyewe kwenye skrini. Msiikubali, na mzime kabisa kujisasisha. Leseni tuliyonayo haifiki 9.3, mkiiweka itakataa kufunguka. Aina ya leseni: nafasi thelathini zinazogawiwa na seva. Kompyuta ni arobaini, kwa hiyo anayefika wa thelathini na moja atasubiri mwenzake afunge programu. Wakija kulalamika kwamba imeharibika, haijaharibika, imejaa."

Aliendelea hivyo kwa programu ya uchoraji wa uhandisi, ya majaribio ya saketi, ya kuandikia msimbo, hata kile kidude cha kusomea mafaili ambacho ni cha bure na hakina masharti. Kila moja toleo lake, ukubwa wake, leseni yake, na sababu yake. Fundi Mkuu alipoisoma alivua miwani akasema, "Bi Toleo, hii hata kipofu ataiweka." Bi Toleo akacheka, akaenda kumpigia binti yake simu kumwambia kwamba anakuja, na safari hii si maneno.

Siku ya jaribio alijifungia ofisini kwake, kama walivyokubaliana. Ofisi yenyewe ilipakana na maabara, ukuta wa mbao nyembamba, akawa anasikia viti vikivutwa na mafundi wakisomeana barua kwa sauti. Hakuna aliyebishana, hakuna aliyekuja kuuliza. Kila walipopita programu moja salama, alihisi kifua kikimlegea kidogo. Alianza hata kupanga kichwani ni vyombo gani angegawa na vipi angebeba.

Ilibaki seva ya leseni, ile kompyuta inayogawa nafasi. Ile ya zamani ilikuwa imechakaa, chuo kikaleta mpya, na leseni za namna hii hufungwa kwenye mashine moja tu. Ukibadili seva, lazima uingie kwenye tovuti ya muuzaji upewe faili jipya la leseni kwa utambulisho wa seva mpya. Hilo nalo alikuwa ameliandika, hatua kwa hatua, na neno la siri akalitia kwenye bahasha iliyofungwa.

Simu yake ikalia mezani. Ulikuwa ujumbe wenye tarakimu sita, na chini yake maneno: usimpe mtu yeyote.

Kabla hajauelewa, mlango ukabishwa. Fundi Mkuu aliingiza kichwa tu, kama mtu anayeona haya kuingia. "Samahani, Bi Toleo. Neno la siri limekubali, lakini inataka namba. Inasema imeituma kwenye simu ya mwenye leseni."

"Mwenye leseni ni idara," alisema Bi Toleo.

Fundi Mkuu aliitazama simu iliyokuwa mezani, naye Bi Toleo akaitazama.

Miaka ile maabara inafunguliwa, muuzaji alitaka barua za wakubwa kabla ya kufungua akaunti ya chuo, na wakubwa walikuwa hawapatikani. Wanafunzi walikwishajaa mlangoni. Bi Toleo akafungua akaunti kwa jina lake, barua pepe yake ya kazini na simu yake, akaweka alama kwenye kisanduku kinachosema mwenye leseni ni mwajiriwa wa chuo. Ilimchukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Haraka haraka haina baraka, kila mtoto anaijua methali hiyo, lakini nani huikumbuka watu wakiwa wanamgongea mlango? Programu ya pili ikafuata njia hiyo hiyo, na ya tatu. Kila mwaka alihuisha mwenyewe, namba zikija kwenye simu yake, akizizoea kama mtu anavyozoea sauti ya geti lake. Yeye aliyewasumbua watu kwa nukta moja, kwenye barua nzima hakuandika mahali popote leseni ni za nani.

Walimpigia muuzaji pale pale, simu ikiwa mezani wote wawili wasikie. Dada aliyepokea alikuwa na adabu nyingi. Alisema kubadilisha mwenye leseni kunawezekana, ila hufanyika wakati wa kuhuisha tu, yaani mwisho wa mwaka wa masomo.

"Na mwenye leseni akiacha kazi kabla ya hapo?" aliuliza Bi Toleo.

"Basi leseni inakoma, mama. Ni ya mwajiriwa. Tunahakiki kila muhula kwa barua pepe ya kazini."

Walipokata simu, Fundi Mkuu aliufunga mlango vizuri. Alikuwa mtu mzima, mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, na alikuwa na wajukuu. "Sikiliza, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nisomee hizo namba. Faili litatoka, seva itawaka, jaribio limepita. Mimi nitasaini kwamba mafundi tumefanya wenyewe. Wewe nenda kwa mtoto."

"Na nikishaondoka? Utumishi wakifuta jina langu, barua pepe inajifunga yenyewe siku hiyo hiyo. Uhakiki ukija hakuna wa kujibu."

"Hayo ni ya muhula ujao."

"Muhula ujao ndio wa miradi ya mwaka wa mwisho, mzee. Zote tatu zitazima wanafunzi wakiwa katikati. Na karatasi itakuwa na saini yako."

"Mimi nitakuwa nimebakiza siku za kuhesabu. Watanifanya nini?"

Wote wawili walijua watamfanya nini. Watazuia mafao yake mpaka uchunguzi uishe, na uchunguzi wa chuo kile haukuwa na desturi ya kuisha.

Tusimpake Bi Toleo utakatifu asiokuwa nao. Alitamani. Alizisoma zile tarakimu moyoni mara tatu, na ulimi ukamjaa. Kwani wanafunzi wale ni wake? Huyo mmoja aliyemzaa mwenyewe, nani anamwonea huruma? Alijichukia, kisha akauchukia ukuta, viti, kompyuta zote arobaini, na zaidi ya vyote ile barua nzuri aliyoiandika. Namba zile zilikuwa za dakika chache tu. Alikaa akiziangalia mpaka muda wake ukapita, na hakuzisema.

"Basi," alisema Fundi Mkuu, akamshika bega, akatoka.

Mkuu wa idara alimsikiliza tena mpaka mwisho. Alisikitika kweli, na Bi Toleo aliona kwamba anasikitika kweli. "Siwezi kusaini, unaliona hilo mwenyewe," alisema. "Ni hadi mwisho wa mwaka wa masomo tu. Tukihuisha tunaandika jina la idara, nawe uko huru. Nafasi nyingine zitatokea. Wewe ndiye nguzo yetu hapa."

Bi Toleo alishukuru, maana ndivyo mtu anavyofanya. Akiwa kwenye ngazi alifikiri kwamba nguzo ndicho kitu pekee nyumbani ambacho hakitoki hata siku ya sikukuu.

Alirudi mezani akaifungua barua. Kwenye jedwali akaongeza safu moja: mwenye leseni. Akaijaza kwa programu ya takwimu, ya uchoraji na ya saketi, jina lake kamili mara tatu, jina ambalo hakuna fundi aliyewahi kulitumia. Chini akaandika kwamba jaribio halijapita na sababu yake, akaituma kwa mafundi wote na nakala kwa mkuu. Kisha akaingia maabara, akaomba namba mpya, akampa Fundi Mkuu faili, na programu zikafunguka kwenye kompyuta ya mfano bila tatizo lolote.

Jioni aliwapigia chuo cha kwao. Walimwambia wanamwelewa, na kwamba wangemwita yule mwingine kesho. Halafu akapiga nyumbani, na kwa bahati, au kwa bahati mbaya, binti yake ndiye aliyepokea.

"Mwanangu, ile safari," alianza. "Kazini wamenihitaji. Si mwezi huu tena."

Alikuwa amejiandaa kwa kilio. Alikuwa ameandaa na maneno ya kukibembeleza.

"Sawa," alisema mtoto. "Kwa hiyo nisihame chumba kukuachia?"

"Usihame kwanza."

"Haya." Ilikuwa kama mtoto anatafuta jambo lingine la kumwambia na halioni. Kisha akaitoa simu mdomoni akapaza sauti. "Mama!"

"Abee, mwanangu," Bi Toleo aliitika.

Lakini kule jikoni bibi alikuwa ameshaitika, na mtoto alikuwa akimjibu yeye.