Pua na Udi Uliozama

Haya nitakayosema ni kweli tupu, na niliapa hivyo mbele ya wote waliokuwa wameketi. Nilikiweka chetezo cha shaba katikati ya mkeka: atakayenikamata na uongo hata mmoja, akichukue.

Palikuwa na muuza udi, shemeji yangu, ambaye mji mzima ulimwita Pua. Ungepita nje ya duka lake na kijichupa cha mafuta kimezibwa, kimefungwa kitambaa na kutiwa mfukoni, naye angekwambia bila kuinua kichwa, "Hayo ni ya kiwandani, mwanangu. Yatanukia jioni vilevile yalivyonukia asubuhi. Mafuta ya udi halisi hubadilika mwilini." Udi wa Kihindi aliutambua kwa ukali wake, kama zizi lenye asali, wa Kambodia kwa utamu wa tunda lililoiva. Watu walisema akipiga chafya, wenye udi bandia hufunga maduka.

Kisha akaugua mafua mabaya. Mafua yakaondoka, yakaondoka na pua.

Hakumwambia mtu. Mteja akija, alimsogezea kipande na kumuuliza, "Wewe unasikia nini?" Mteja akijibu, Pua anaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyeridhika. Biashara ikaendelea kwa pua za watu.

Mkewe, yaani dada yangu, alikuwa kitandani, mapafu yamekwisha. Daktari alikuwa amekataza moshi, halafu siku moja akaacha kukataza chochote, na wote wakaelewa. Ndipo mgonjwa akasema, "Baba watoto, nichomee ule wa Kambodia. Ule ulionichomea siku ya kwanza. Niusikie mara moja tu, basi."

Udi ule ulikuwa umeshauzwa, fedha zake zimegeuka dawa. Pua akavaa viatu aende kwa mwagizaji wa mizigo ya udi.

"Twende wote, baba," binti yake alisema. "Mimi ninuse."

"Pua ya nyumba hii ni moja," akajibu.

Kwa mwagizaji alikagua kwa macho: michirizi ya utomvu ilipinda ovyo ndani ya mti, si weusi wa kupakwa pande zote. Akasugua kwa leso yenye maji. Leso ikabaki nyeupe. Akatumbukiza kipande kwenye bilauri ya maji, maana udi halisi huzama. Kikashuka moja kwa moja, kikagota chini.

"Unaona?" mwagizaji akasema. "Huo ni utomvu mtupu." Akachonga kijisehemu ubavuni, akakiweka juu ya kaa la moto. "Kazi yako sasa, Pua."

Moshi ulipanda haraka, mweusi mweusi. Udi mzuri hutoa povu kwanza, mafuta yakachemka, ndipo moshi ukaja mwembamba, wa kijivu. Pua aliliona hilo. Alijiambia kaa ni bovu. Wanunuzi wengine walikuwa wamesimama, wanamtazama usoni. Akainama, akavuta pumzi ndefu, akafumba macho.

"Naam," akasema. "Wenyewe."

Mwagizaji alimtazama kidogo, akatabasamu, akafunga karatasi.

Nyumbani aliacha makaa yashike majivu, akaweka kipande kizima kwenye chetezo hiki hiki, kilichokuwa cha dada yangu, akakisogeza karibu na mto.

"Unausikia?"

Dada yangu akatokwa machozi. Pua akadhani ni furaha. Mlango ukafunguliwa, binti akaingia mbio akiwa ameziba pua.

"Baba, kuna mpira unaungua?"

Pua akageuka, akauona uso wa mwanawe, akaelewa. Akanyoosha mkono aondoe chetezo, lakini mgonjwa akamshika kiganja.

"Kiache," akasema. "Ndio wenyewe."

Usiku ule akafariki. Asubuhi Pua alipomwaga majivu, kikaanguka kitone cha madini ya risasi, kimeyeyuka kikaganda, kinang'aa. Walaghai walikuwa wamekitoboa kipande katikati, wakamimina risasi, wakaziba tundu kwa gundi na unga wa mti. Ndiyo maana kilizama. Angechoma kipande kizima pale dukani, au angemwacha binti anuse, au angesema tu, "Jamani, sisikii harufu," yasingetokea haya.

"Lakini Mungu mkubwa," nikamalizia, "dada yangu aliondoka akitabasamu."

Pua alikuwa ameketi ukutani, anaangalia vidole vyake. Binti yake ndiye aliyesema.

"Mjomba, hapo umedanganya."

"Wapi, mwanangu?"

"Mama hakutabasamu. Nilikuwa nimemshika. Alikuwa amebana meno, anazuia kikohozi, ili baba asikisikie."

Nilikisukuma chetezo kwenye mkeka mpaka magotini pa binti. Akakichukua, akakifunika kwa ncha ya kanga, akatoka nacho nje.