Mlango wa Chumba cha Mukabalisa

Révérien alinipandisha hasira tangu saa mbili asubuhi. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minne, mwashi aliyeacha uashi baada ya saruji kumla mikono, akaja kwangu Biryogo kujifunza useremala. Ustadi wa mikono alikuwa nao. Kilichonichosha ni ule unyenyekevu wake. Ukimuuliza kama msumeno umenolewa, "Yego, muze," yaani ndiyo, mzee. Ukimuuliza saa ngapi, "Yego, muze." Amelelewa Bujumbura, Kiswahili anakijua vizuri tu, lakini ukiwa naye unaweza kudhani ana neno hilo moja.

Siku hiyo, Alhamisi moja ya mwaka 1992, tulikwenda Kacyiru kwa mtumishi mmoja wa wizara aitwaye Achille. Mke wake, Donatille, alikuwa amemweka mama yake mzazi, Mukabalisa, katika chumba cha nyuma. Miezi mitano kabla, bomu lilikuwa limelipuka karibu na mahali bibi huyo alipokuwa akisubiri basi. Hakuumia, ila tangu siku hiyo kishindo chochote kilimtupa chini ya kitanda. Na mlango wa chumba chake, ambao mimi mwenyewe niliufunga pamoja na fremu yake, ulikuwa ukibamiza.

Kubamiza si kitu. Tatizo ni kwamba bibi alisema mlango unajifunga wenyewe. Yuko peke yake kitandani, hakuna mtu ukumbini, hakuna upepo, mlango unakuja wenyewe, pu! Donatille alipofika kwangu mwezi uliotangulia kuniuliza kama jambo hilo linawezekana, nilikuwa na wateja wawili dukani, nikajibu kwa sauti ili nao wasikie, "Madame, mlango niliofunga mimi haujifungi wenyewe." Akalipeleka jibu hilo nyumbani. Achille akaona basi, fundi mwenyewe amesema, mama mkwe akili imemtoka. Jumamosi angempeleka Ndera, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili.

Haya yote Donatille alinieleza asubuhi ile akiwa amesimama mlangoni, macho mekundu. "Fundi, nisaidie mlango ufunge polepole tu. Kama atatulia leo na kesho, labda Achille atabadilisha mawazo."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kisha nikamgeukia Révérien, "Leo wewe ndiye utakayefunga. Mimi nitaangalia. Na usiniongeleshe-ongeleshe, fanya ninachosema." Alikuwa akiutazama mwimo wa mlango, ule upande wa bawaba, kichwa amekilaza kidogo. "Yego, muze," akasema.

Tukaung'oa mlango, tukaulaza uani juu ya stuli mbili. Bawaba zilikuwa zinang'aa mafuta. Donatille alisema walizitia mafuta miezi mitano iliyopita kwa sababu zilikuwa zikilia. Nikasikia, nikapita.

Nilimwonyesha jinsi ya kuchonga kishimo cha bawaba. Unachora kwa kisu, si kwa penseli, ili patasi ipate ukingo wa kushika. Unachimba kina sawasawa na unene wa bati la bawaba, lilale bapa na uso wa mbao. Yeye akataka kunifurahisha, akachimba zaidi. Tulipoupachika mlango, ulifika karibu na kufunga, upana wa kidole hivi, ukarudi kama umesukumwa na mtu aliye upande wa pili.

"Umeona?" nikamfokea. "Bawaba zimezama, zinabanana kabla mlango haujafika. Mtu atausukuma kwa nguvu ufunge, na hapo ndipo kishindo kinapotoka!"

"Yego, muze."

Akakata vipande vya karatasi ngumu kutoka kwenye pakiti ya sabuni, akavitia chini ya mabati. Bado ukarudi, safari hii kidogo. Nikachungulia: vichwa viwili vya skrubu vilikuwa vimesimama juu ya bati, vinagongana. Nikazichomoa mwenyewe, nikapanua matundu, nikazirudisha zikazama vizuri. Jasho lilikuwa linanitoka na jua hata halijafika katikati.

Baada ya hapo kazi ikaenda. Akapiga randa ukingo wa upande wa kitasa, akaulaza kidogo kwa ndani ili kona isigonge mwimo wakati wa kufunga. Tukapima nafasi pande zote kwa kijiti cha kiberiti: kinapita juu, kinapita pembeni, hakilegei wala hakikwami. Kipande cha chuma kinachopokea ulimi wa kitasa tukakisogeza nyuma kidogo, na ulimi wenyewe tukaupaka nta ya mshumaa. Alinong'ona kama tungeweza kugongomea mpira wa tairi la baiskeli pale mlango unapokomea. Nikakataa. Mpira unaficha kosa, na mimi sikuja kuficha kosa.

Nikamwambia ausukume kwa kidole kimoja. Mlango ukaenda, ulimi ukaingia, tk, basi. Nikacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Donatille alikuwa amekwenda sokoni, nikatamani angekuwepo asikie.

Mukabalisa, aliyekuwa amekaa jikoni akitusubiri, akarudi chumbani kwa mkongojo wake. Akaupita mlango bila kuugusa, ukabaki wazi nusu, kama alivyopenda ili aone ukumbini. Sisi tukaenda uani kukusanya randa na patasi.

Pu!

Nilipofika, bibi alikuwa sakafuni, nusu ya mwili chini ya kitanda, kitenge kimemfunika kichwa. Nilimgeukia Révérien aliyekuwa nyuma yangu na maneno niliyomwambia siyaandiki. Nilimuuliza ameugusaje, nani kaufungulia upepo, kwa nini kila kitu anachokishika kinaharibika.

"Hakuna mutu, muze," akasema.

Nikaufungua mlango nusu, nikauachia. Ukakaa kidogo. Kisha ukaanza kuja, taratibu, ukaongeza mwendo, ukabamiza mbele ya pua yangu. Nikaufungua tena. Ukaja tena. Chini ya kitanda Mukabalisa alikuwa analia bila sauti.

Révérien alikuwa anautazama ule mwimo, kichwa amekilaza vilevile kama asubuhi.

"Sema!" nikamwambia. "Sema kitu kingine zaidi ya yego!"

"Muze, mwimo inalala."

"Umeona lini?"

"Asubuhi. Nilipoingia tu."

"Na ukanyamaza? Umenichongea vishimo, umenitilia karatasi, siku nzima, unajua mwimo umelala?"

Akatazama chini. "Fremu ni yako. Jina yako iko pale juu, kwa penseli. Na madame alikuwa amesimama pale. Ningesema namna gani mbele yake?"

Nikatoa timazi, uzi wenye uzito wa chuma mwishoni. Nikaigongomea msumari juu ya mwimo upande wa ukumbini, nikaishusha. Juu uzi uligusa mbao. Chini ulikuwa umeachana nayo milimita nane. Nilikumbuka siku ile niliyoisimamisha fremu hiyo: kesho yake ilikuwa Idi, nilikuwa na haraka, nikapima uso mmoja tu, ule unaotazamana na mwimo wa pili. Timazi hushushwa pande mbili, kila fundi anajua. Mwimo wangu ulikuwa umeegemea ukumbini, kwa hiyo mlango unaofungukia chumbani lazima urudi wenyewe. Kutu ya bawaba ndiyo iliyokuwa ikiuzuia. Walipotia mafuta, ukawa huru, na ni mwezi uleule bibi aliponusurika na bomu.

Bibi wa watu alikuwa anasema kweli, na ni jibu langu lililokuwa linampeleka Ndera.

"Tufanye nini?" nilimuuliza Révérien, na sikuwa namfundisha.

Kubomoa plasta kungechukua siku mbili. Tukakubaliana kuwa mwimo ulale unavyotaka, ila bawaba zisimame wima. Bawaba ya juu tukaisogeza milimita nne kuelekea chumbani, ya chini mbili kuelekea ukumbini. Matundu ya zamani tukayaziba kwa vijiti vilivyopakwa gundi, maana skrubu haishiki penye tundu bovu. Sasa mlango haukulingana na ubao mwembamba unapokomea, tukaung'oa ubao ule wote, tukafunga mlango, tukaugongomea upya ukifuata mlango ulivyokaa. Saa kumi na moja jioni nikaufungua nusu na kuuachia. Ukakaa. Nikahesabu hadi mia moja, ukakaa palepale.

Donatille alikuwa amesharudi, Achille naye akaingia kutoka kazini na mkoba wake. Akasimama ukumbini mbali na mlango, maana kwetu mkwe haingii chumba cha mama mkwe, na kwa sababu hiyo hakuwahi kuuona mlango huo ukifanya lolote. Nikausukuma. Tk. Donatille akashika mdomo wake.

"Vizuri sana, fundi," Achille akasema. "Angalau atapumzika mpaka Jumamosi."

Ningeweza kunyamaza. Kazi ilikuwa imekwisha na amri ya kutotembea usiku ilikuwa inakaribia. Nilimtazama Révérien, naye akawa anatazama viatu vyake.

"Monsieur," nikasema, "mlango ulikuwa unajifunga wenyewe."

"Si wewe uliyesema haiwezekani?"

"Nilisema. Na sikuja hata kuangalia."

Achille akatabasamu lile tabasamu la mtu anayedhani umeombwa na mkewe uongope. Hapo hasira zikanirudi zote, na safari hii hazikuwa za Révérien. "Mwambie!" nikamwambia. "Mwambie ulichokiona asubuhi."

Révérien akakohoa. Akakamata ule uzi uliokuwa bado unaning'inia, akautuliza kwa vidole viwili, akaingiza kidole kati ya uzi na mbao pale chini.

"Monsieur, ona. Mwimo iko inaanguka huku, kwa couloir, ukumbini. Muze alipima upande moja tu. Mulango ilikuwa inakuja yenyewe, mimi nimeona kwa macho yangu. Mukecuru, huyu bibi, hakuwa anaota."

Lilikuwa neno refu kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema, na lilinichoma. Achille akachuchumaa, akaweka kidole chake palepale. Suti yake ikagusa vumbi la mbao.

Mukabalisa alikuwa amesimama ndani, nyuma ya mlango ulioachwa wazi nusu, amesikia kila kitu. "Miezi mitano," akamwambia binti yake kwa Kiswahili, ili sisi sote tuelewe. "Nimekuambia miezi mitano. Ukaenda kumuuliza seremala."

"Mama, nisamehe," Donatille akasema. Achille naye akasimama, akafungua mdomo ili aseme kwamba Jumamosi hakuna safari ya Ndera.

Bibi akaushika mlango kwa mkono wake mwenyewe, akaufunga. Hatukusikia chochote, tukajua tu kwamba hatumwoni tena. Donatille akabisha hodi. Achille hakuruhusiwa hata kubisha. Tulisimama pale wanne mbele ya mlango uliofungwa, nao ukakaa palepale.