Ankara Zilizouzwa Mwanza

Danstan alimwamkia shikamoo, lakini Mama Melania hakuitikia. Macho yake yalikuwa kwenye barua aliyomletea.

Shule ya bweni ya mama huyu, pale Ngara mjini, ilikuwa imekula maharage ya Danstan tangu mwanzo wa mwaka bila kulipa. Kila alipokuja kudai alikaribishwa chai na kuambiwa wazazi hawajaleta ada. Huku nyuma wakulima wa Runazi, waliomkopesha mazao, walikuwa wakimfuata hadi kanisani. Mwishowe aliziuza ankara zake za kuidai shule kwa kampuni ya Mwanza inayonunua madeni. Wakampa sehemu kubwa ya pesa papo hapo, naye akawalipa wakulima. Iliyobaki angepewa, wakishakata ada yao, siku shule itakapolipa. Shule isipolipa, wangemgeukia yeye, na dhamana ilikuwa lori lake. Lori lenyewe lilikuwa limesimama uani, limebeba maharage mapya.

"Umeniuza, Danstan? Kama mbuzi wa mnadani?"

"Nimeuza ankara, mama. Kuanzia sasa malipo yaende kwenye akaunti hiyo iliyoandikwa humo. Ukinilipa mimi, kwao deni bado linahesabika. Weka sahihi kwamba umepokea taarifa."

Mama Melania alisema mengi. Kwamba wao ni watu wa kuzikana. Kwamba Danstan alilibeba begani jeneza la mumewe, na leo anakwenda kumtangaza kwa watu asiowajua. Kisha akachukua simu, akaibonyeza kwa hasira.

Simu ya Danstan ikalia. Pesa zote za ankara zile zilikuwa zimeingia kwenye akaunti yake.

"Haya, nani mdaiwa sasa? Waambie wa Mwanza simdai mtu wala sidaiwi."

Danstan alitazama tarakimu zile. Kumbe zilikuwepo. Alipokuwa akijificha nyuma ya kinu cha kusagia nafaka asikutane na wajane aliochukua magunia yao, zilikuwepo, na mama huyu alikuwa akimkorogea sukari kwenye chai.

"Mimi nimekudai kwa adabu miezi yote hii ukaniambia huna," alisema polepole. "Umeguswa heshima tu, zimetoka kwa dakika moja."



Pesa zile hazikuwa zake tena. Danstan alizituma zote kwenye akaunti ya kampuni, akamgeuzia simu aone, akamsogezea nakala ya barua. Mama akasaini bila kuisoma.

"Umemaliza?" akauliza. "Basi waambie vijana wako washushe maharage. Wanafunzi watakula nini?"

Danstan alikunja nakala, akaitia mfukoni.

"Wazazi wakileta ada, mama, nipigie."

Akapanda lori, akateremka kilima cha Ngara na mzigo wake.